Kukodisha kiti cha saluni usiku mpakani: Ufunguo ndio unaoamua nani abebe hasara

Katika miji ya mpakani biashara nyingi hufungwa jioni, wakati ambapo wateja wa aina nyingine ndio kwanza wanawasili. Namanga ni mfano mzuri. Tangu kituo cha pamoja cha huduma mpakani kizinduliwe rasmi Desemba 2018, nyaraka za lori hushughulikiwa usiku na mchana, na dereva aliyeegesha saa 1 usiku anaweza kuwa na saa tatu au nne za kusubiri. Katika muda huo atakula, ataoga, na mara nyingi atanyoa.

Saluni iliyohudumia akina mama na wafanyabiashara wa sokoni tangu asubuhi huwa imefungwa muda huo, viti vikiwa vitupu na pango likiendelea kuhesabika. Ndiyo maana baadhi ya wenye saluni humkodishia kinyozi mwingine kiti kimoja kuanzia jioni hadi karibu usiku wa manane. Wapo pia wanaokodisha chumba cha nyuma, au meza katika ofisi ya uwakala wa forodha iliyofungwa.

Mpango huu unaonekana kuwa fedha ya bure, lakini haupo hivyo. Makala haya yanaeleza namna ya kupanga ada, ruhusa zinazotakiwa, na kanuni tatu zinazolinda mapato hayo, yaani ufunguo, bima na usafi. Saluni ya mfano iko Namanga upande wa Tanzania, ina viti vitatu na hufungwa saa 1 usiku. Takwimu za fedha ni za mfano huo, na kila mwenye saluni aweke zake.

ADA YA USIKU NA KINACHOBAKI

Kuna njia mbili za kutoza. Ya kwanza ni asilimia ya mapato ya kinyozi, na ya pili ni ada moja kwa kila usiku. Njia ya asilimia huonekana ya haki, lakini ina kasoro mbili. Mwenye saluni hayupo usiku kuhesabu vichwa vilivyonyolewa. Pili, mtu anayegawana mapato na mwingine huanza kuonekana kama mbia au mwajiriwa wake, jambo linaloleta mabishano siku ya kuachana. Ada moja kwa usiku ni rahisi kuandika, kulipa na kuthibitisha.

Tuchukue kiti kimoja kinachokodishwa kuanzia saa 1:30 usiku hadi saa 5:30 usiku, siku sita kwa wiki, kwa Sh4,000 kila usiku. Kwa mwezi wenye siku 26 za kazi ada inafikia Sh104,000. Hapa ndipo wengi huishia kuhesabu.

Gharama zinaanza na umeme. Taa, draya na mashine ya kunyolea zikitumia uniti 1.5 kwa usiku, na uniti moja ikimgharimu mwenye saluni Sh360, hiyo ni Sh14,040 kwa mwezi. Maji, sabuni na dawa za usafi kwa Sh500 kila usiku ni Sh13,000. Mtu wa kufungua na kufunga, ambaye umuhimu wake utaelezwa hapa chini, akilipwa Sh1,000 kwa usiku ni Sh26,000. Nyongeza ya bima ya Sh60,000 kwa mwaka ni Sh5,000 kwa mwezi.

Inabaki gharama isiyoonekana, nayo ni kuchakaa kwa kiti. Kiti cha Sh450,000 ambacho kingedumu miezi 60 kwa kazi ya mchana pekee, kikidumu miezi 42 kwa sababu ya kazi ya usiku, kinaongeza takriban Sh3,200 kwa mwezi. Jumla ya gharama ni Sh61,240, na kinachobaki ni Sh42,760. Bado kodi haijaguswa, kwani ada hii ni mapato na inapaswa kutajwa kwa Mamlaka ya Mapato kama mapato mengine.

Sh42,760 si haba kwa kiti ambacho kingekaa bure. Lakini msomaji aishike namba hiyo akilini. Vifaa vya saluni yetu vinavyobebeka, yaani draya mbili, mashine nne za kunyolea, redio na jenereta ndogo, vina thamani ya Sh600,000. Vikiibwa usiku mmoja bila kulipwa na bima, mapato ya miezi 14 yameondoka. Kwa hiyo swali kubwa katika biashara hii ni nani atabeba hasara hiyo ikitokea.

RUHUSA KABLA YA FEDHA

Mwenye saluni wengi ni wapangaji. Mikataba mingi ya pango, hasa ya vyumba vinavyomilikiwa na halmashauri, inakataza mpangaji kumpangisha mtu mwingine bila kibali cha maandishi. Mwenye jengo akimkuta kinyozi wa usiku asiyemjua, anaweza kuvunja mkataba wote, na saluni ya mchana ikapotea kwa sababu ya kiti kimoja cha usiku. Kibali kiombwe kwa barua fupi inayotaja saa, kiti na jina la anayekodi.

Jambo la pili linahusu leseni. Leseni ya biashara hutolewa kwa mtu fulani, kwa shughuli fulani, mahali fulani. Kinyozi anayelipa ada ya kiti na kuweka mfukoni mapato yake mwenyewe anafanya biashara yake, hata kama kiti si chake. Hivyo leseni iliyotundikwa ukutani kwa jina la mwenye saluni haimfuniki. Ni vyema suala hilo liulizwe kwa ofisa biashara wa halmashauri mapema, kuliko kusubiri siku ya ukaguzi.

Mpakani lipo la tatu, na ndilo zito zaidi. Vinyozi na wasusi hodari wanatoka pande zote mbili, na ni kawaida fundi wa upande mmoja kuvuka jioni kufanya kazi upande wa pili. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara iliyokataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Saluni ilikuwa mojawapo, isipokuwa zile za hotelini au za shughuli za utalii. Amri hiyo iliweka faini isiyopungua Sh10 milioni au kifungo kisichozidi miezi sita kwa asiye raia, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Kwa raia anayemsaidia asiye raia kufanya biashara hizo, iliweka faini ya Sh5 milioni au kifungo cha miezi mitatu.

Kenya ililalamikia hatua hiyo ikirejea Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Lakini mjadala wa serikali haumkingi mwenye saluni. Kumkodishia kiti fundi kutoka ng'ambo ya mpaka kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumsaidia, na Sh5 milioni ni zaidi ya mapato ya miaka tisa ya kiti chetu. Kwa saluni iliyo upande wa Tanzania, nakala ya kitambulisho cha taifa cha anayekodi ichukuliwe na kuhifadhiwa pamoja na mkataba kabla ya kupokea ada ya kwanza.

UFUNGUO

Wengi huona ufunguo kuwa jambo dogo la urahisi. Kinyozi anafungua saa 1:30 usiku, mwenye saluni yuko nyumbani anapika, basi apewe wake. Kitendo hicho kimoja kinabadilisha mambo mawili makubwa.

La kwanza ni hadhi ya kinyozi. Anayeruhusiwa kutumia kiti kwa saa kadhaa, huku mwenye saluni akiendelea kushikilia chumba, amepewa ruhusa ya matumizi tu. Anayeshika chumba peke yake, akiwa na ufunguo wake na uwezo wa kuwazuia wengine, anaanza kufanana na mpangaji. Kinapotokea kesi, mahakama huangalia nani hasa alikuwa na mamlaka juu ya chumba. Jina lililoandikwa juu ya karatasi halitoshi.

Upande wa Kenya tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Migahawa, yaani Sura ya 301, inamlinda mpangaji wa eneo la biashara asiye na mkataba wa maandishi. Pia inawalinda wengi wenye mkataba wa miaka isiyozidi mitano. Mpangaji wa namna hiyo hawezi kuondolewa bila notisi ya angalau miezi miwili kwa fomu maalumu, na anaweza kuipinga mbele ya baraza linaloshughulikia kodi za majengo ya biashara. Mwenye saluni aliyedhani anaazimisha kiti anaweza kujikuta na mpangaji wa chumba cha nyuma asiyetoka.

La pili ni bima, ambayo itaelezwa katika sehemu inayofuata. Kwa sasa inatosha kusema kwamba mlango uliofunguliwa kwa ufunguo hauna alama ya kuvunjwa.

Utaratibu unaofaa ni huu. Mlango wa mbele uwe na vifungio viwili, kitasa na kufuli. Funguo za vyote viwili zikae kwa mwenye saluni na kwa mtu mmoja anayemwamini, ambaye anaweza kuwa mlinzi wa jengo au jirani mwenye duka linalofunguliwa usiku. Mtu huyo ndiye anayemfungulia kinyozi, na saa 5:30 ndiye anayefunga. Kinyozi hapewi ufunguo wa mlango wa mbele hata kwa usiku mmoja. Anapewa ufunguo wa kabati lake tu, na vifaa vya mchana hufungiwa katika kabati au stoo ambayo ufunguo wake anao mwenye saluni peke yake.

Kila ufunguo uwe na namba, lakini usiandikwe jina la saluni, kwani ukiokotwa utamwonyesha mwokotaji mlango wa kwenda. Daftari liwekwe kwa anayefungua. Kila usiku liandikwe tarehe, saa ya kufungua, saa ya kufunga, uniti zilizosomeka kwenye mita ya LUKU nyakati zote mbili, na sahihi za watu wawili. Kabla ya kuondoka kinyozi apige picha nne kwa simu na kumtumia mwenye saluni. Picha hizo ni za kiti kikiwa safi, swichi kuu ikiwa imezimwa, kufuli la kabati la mchana, na mlango wa mbele ukiwa umefungwa. Picha hizo huonyesha saa na hazigharimu kitu, lakini siku ya madai zina thamani kubwa.

Zipo dalili za utaratibu uliolegea. Daftari lenye wiki nzima iliyoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko wa mara moja limejazwa siku ya Jumamosi, halikujazwa kila usiku. Uniti zinazopungua baada ya saa ya kufunga zinaonyesha kuwa kuna mtu aliyebaki ndani au aliyerudi. Ufunguo wenye mabaki ya sabuni kwenye meno yake huenda umegandamizwa kwenye kipande cha sabuni ili fundi akachonge nakala. Ikionekana moja ya dalili hizo kufuli libadilishwe siku hiyo hiyo. Libadilishwe pia kila kinyozi wa usiku anapoacha, hata kama wameagana kwa wema.

BIMA

Mwenye saluni mwenye bima ya moto na ya wizi hudhani kuwa amemaliza. Lakini bima ilikatwa kwa maelezo aliyoyatoa kwenye fomu, kwamba hii ni saluni inayofungwa saa 1 usiku na kutumiwa na watu wake. Kuingiza mtu wa nje hadi karibu saa sita usiku ni badiliko la hatari iliyokubaliwa. Kampuni ya bima ina haki ya kuambiwa, na isipoambiwa inaweza kukataa kulipa. Taarifa itolewe kwa maandishi, na jibu la maandishi lisubiriwe kabla kinyozi hajaanza. Jibu la mdomo kutoka kwa wakala halitoshi.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni masharti ya bima ya wizi wa majengo ya biashara. Kwa kawaida bima hiyo hulipa pale mwizi alipoingia au kutoka kwa kuvunja kwa nguvu, na alama zikaonekana. Hailipi mali iliyochukuliwa na mtu aliyeruhusiwa kuwemo ndani, wala iliyotoka kupitia mlango uliofunguliwa kwa ufunguo halali. Wizi wa mfanyakazi hukatiwa bima nyingine ya uaminifu, ambayo saluni ndogo huwa nayo mara chache.

Tulinganishe usiku miwili katika saluni yetu. Katika wa kwanza kinyozi ana ufunguo wake. Asubuhi mwenye saluni anakuta mlango umefungwa vizuri, na draya, mashine, redio na jenereta havipo. Anatoa taarifa polisi na kwa kampuni ya bima. Mkaguzi anakuja, anaangalia kitasa na kufuli, na kuona kuwa vyote ni vizima. Anauliza nani wana funguo, anatajiwa watu watatu, mmoja wao hayumo kwenye fomu ya bima. Madai yanakataliwa kwa sababu mbili kwa pamoja, hakuna uvunjaji na badiliko halikutajwa. Sh600,000 zimepotea, na njia iliyobaki ni kumdai kinyozi, ambaye anasema alifunga na kuondoka.

Katika usiku wa pili funguo ziko kwa mlinzi. Saa 5:30 amefunga na kusaini, na picha nne zimetumwa. Asubuhi kufuli limekutwa limekatwa kwa msumeno na kabati la mchana limebomolewa. Mwenye saluni hagusi kitu. Anapiga picha, anatoa taarifa polisi na kuchukua namba ya taarifa, kisha anaijulisha kampuni ya bima siku hiyo hiyo, kwa kuwa masharti mengi yanataka taarifa ya haraka. Anawasilisha stakabadhi za vifaa, nakala ya daftari na barua ya kampuni iliyokubali matumizi ya usiku. Madai hayo yanajadilika. Atakatwa sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema ataibeba mwenyewe, na vifaa vilivyochakaa vitapunguzwa thamani, lakini hataambulia patupu.

Vifaa vilivyopotea ni vilevile katika usiku wote miwili. Tofauti imetokana na Sh1,000 za mtu wa kufungua na kufunga, pamoja na barua moja.

Kuna mambo mengine mawili ya bima yanayostahili kutajwa. Vifaa vya kinyozi mwenyewe havimo katika bima ya mwenye saluni, na mkataba useme hivyo waziwazi ili asije akadai mashine yake. Aidha, mteja wa usiku akikatwa sikio au akianguka kwenye sakafu yenye maji, anaweza kumdai kinyozi na mwenye chumba pia. Bima ya dhima kwa umma ndiyo inayohusika hapo. Kampuni iulizwe kama inamfunika mtu anayekodi kiti au ni wafanyakazi wa saluni pekee.

Kuhusu moto, chanzo cha kuogopwa ni draya au kifaa cha kuchemshia maji kilichoachwa kwenye umeme. Kanuni iwe kwamba anayefunga huzima swichi kuu kwa mkono wake mwenyewe. Jiko la mkaa, mshumaa na jenereta inayonguruma ndani ya chumba vipigwe marufuku kwa maandishi.

USAFI

Kiti kinachotumiwa na watu wawili huleta ugomvi wa usafi mapema kuliko ugomvi wa fedha. Mteja wa asubuhi akikuta nywele za usiku kwenye shuka hatauliza ni za nani, atahama saluni. Na hatari si uchafu wa macho tu. Mashine isiyosafishwa hueneza mapunye, na wembe wenye damu unaweza kueneza homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi.

Kanuni ya msingi ni kupokea safi na kurudisha safi. Dakika 15 za mwisho za muda uliolipiwa ni za usafi. Mteja wa mwisho aanze kunyolewa kwa kuzingatia hilo, na dakika hizo zisiwe nyongeza ya bure inayovuka saa 5:30.

Kazi hufuata mpangilio. Kwanza nywele zifagiliwe na kuwekwa kwenye mfuko unaotolewa nje usiku huo huo, zisisukumiwe kwenye bomba la maji machafu, kwani huliziba. Kisha blade ya mashine ifunguliwe, nywele zitolewe kwa brashi, na chuma kifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa kikauke chenyewe. Mashine yenyewe isitumbukizwe majini. Wembe ni mpya kwa kila mteja, na uliotumika huingia kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, hautupwi kwenye mfuko wa nywele ambako utamkata mzoa taka.

Vitana, brashi na beseni za plastiki zioshwe kwanza kwa sabuni, kisha zilowekwe kwenye maji ya jiki kwa dakika 10 na kusuuzwa. Kwa jiki iliyoandikwa asilimia 3.5 kwenye chupa, kipimo ni kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Kuosha kwanza ni lazima, kwa sababu nywele na mafuta huipunguzia jiki nguvu. Mchanganyiko huo utengenezwe upya kila siku na usichanganywe na dawa nyingine, hasa za kusafishia choo zenye tindikali, kwani hutoa hewa ya sumu. Blade za chuma zisilowekwe humo, zitashika kutu.

Taulo na shuka za usiku ziwe za rangi tofauti na za mchana. Hatua hiyo humaliza mabishano, maana ikionekana taulo ya bluu chafu asubuhi inajulikana ni ya nani. Mwisho kiti kifutwe, hasa sehemu ya kichwa na mikono, na sakafu ipigwe deki. Anayefungua asubuhi akikuta kasoro, apige picha kabla ya kuanza kazi na kuituma ndani ya nusu saa. Lalamiko linaloletwa mchana, baada ya wateja watano, halina ushahidi.

Ni vyema kinyozi aweke amana. Kwa saluni yetu amana ya ada ya usiku kumi, yaani Sh40,000, inatosha kulipia usafi uliorukwa au kioo kilichopasuka. Mkataba utaje kiasi kitakachokatwa kwa kila kosa, ili makato yasitegemee hasira ya siku hiyo.

MIZIGO YA MADEREVA NA CHUMBA CHA NYUMA

Saluni ya mpakani ina majaribu ambayo ya mjini haina. Dereva anayenyolewa ataomba kuacha begi hadi alfajiri, na mwingine ataomba katoni mbili zikae chumba cha nyuma hadi mwenzake aje. Kinyozi atakubali kwa sababu anatafuta wateja, na mwenye saluni hatajua.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 200, inamgusa mtu anayeweka au kuficha bidhaa zisizolipiwa ushuru, ikiwa alijua au alipaswa kujua hali yake. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya bidhaa hizo, au vyote viwili. Maneno "alipaswa kujua" ndiyo ya kuangaliwa. Mwenye chumba kilicho mita chache kutoka mpakani, anayekuta katoni zisizo na nyaraka kila wiki, atapata shida kudai kuwa hakushuku. Kwa wasafirishaji pia onyo ni hilo hilo. Mzigo ulioshushwa njiani na kuwekwa saluni umetoka kwenye nyaraka zake, hata kama ulishushwa kwa usiku mmoja.

Kwa sababu hiyo mkataba ukataze mizigo ya wateja kulala ndani. Kabati la kinyozi liwe dogo, lenye nafasi ya mashine, taulo na dawa tu, na mwenye saluni awe na haki ya kulikagua mbele yake wakati wowote. Vilevile chumba cha nyuma kisikodishwe kwa kulala. Dereva anayelipa ili alale amekigeuza chumba kuwa nyumba ya wageni, ambayo ina leseni na masharti yake, na bima ya saluni haimfuniki mtu aliyelala ndani ya mlango uliofungwa kwa nje.

KARATASI MOJA INATOSHA

Mkataba wa kiti hauhitaji kurasa nyingi. Uitwe ruhusa ya kutumia kiti, na utaje kiti gani, siku zipi na saa ngapi, pamoja na kauli kwamba mwenye saluni anabaki na umiliki wa chumba na funguo zake. Utaje ada, siku ya kulipa na amana. Uambatishwe kanuni za usafi, marufuku ya mizigo na kulala, na kauli kuhusu vifaa vya kinyozi. Uwe wa miezi mitatu inayoweza kurudiwa, na kila upande uweze kuuvunja kwa notisi ya siku saba.

Mazingira yafanane na maandishi. Ikiwa karatasi inasema funguo ni za mwenye saluni huku kinyozi ana wake mfukoni, mkaguzi wa bima na hakimu wataamini kile kilichokuwa mfukoni.

Nyaraka tano zikae pamoja nje ya saluni, zisihifadhiwe kwenye droo itakayoibwa au kuungua na vingine. Nazo ni mkataba, nakala ya kitambulisho cha anayekodi, kibali cha mwenye jengo, barua ya kampuni ya bima na stakabadhi za vifaa. Daftari la funguo likijaa liungane nazo, na jipya lianze na namba ya mita ya usiku uliotangulia.